Taa ya Vifaranga na Hesabu ya Stima

Wakulima wengi wa mashamba ya makazi ya Borabu, na majirani zao wa upande wa Ikonge, sasa wana stima nyumbani. Wengi waliipata baada ya mwaka 2015, Serikali ilipoanza mpango wa kufikisha nyaya katika nyumba za vijijini na kupunguza ada ya kuunganishwa kuwa Sh. 15,000. Mita imetundikwa ukutani, na kila mtu anajua kuingiza tarakimu 20 za tokeni. Lakini ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini tokeni ya Sh. 500 ilikaa wiki 3 mwezi uliopita na mwezi huu imekwisha kwa siku 3, mara nyingi atakujibu kwamba mita ni mbovu.

Mara chache mita huwa mbovu. Mara nyingi kuna kitu kimoja nyumbani kilichokula stima yote, na mwenye nyumba hakukidhania. Katika somo la mwezi huu tutajifunza kupiga hesabu yenyewe, kisha tutaitumia kwa kitu ambacho mfugaji wa kuku anakijua sana, nacho ni taa ya kulelea vifaranga.

YUNITI NI NINI?

Kila chombo cha stima kimeandikwa nguvu yake mahali fulani, kwa chini au kwa nyuma. Nguvu hiyo hupimwa kwa wati, na wati 1,000 ni kilowati 1. Balbu za siku hizi huandikwa wati 9 au zaidi kidogo. Pasi huandikwa kama wati 1,000. Mota ya mashine ya kukata majani ya ng'ombe mara nyingi huandikwa kwa nguvu za farasi, na farasi 1 ni wati 746. Kwa hiyo mota ya farasi 3 ni karibu wati 2,200.

Lakini Kampuni ya Kenya Power haikuuzii wati. Inakuuzia kilowati-saa, ambayo sisi sote tunaiita yuniti. Yuniti 1 ni kilowati 1 iliyotumika kwa saa 1. Mambo mawili yanahesabiwa pamoja: nguvu ya chombo, na muda kilioachwa kikiwaka. Hesabu yake ni hii:

wati × saa ÷ 1,000 = yuniti

Pasi ya wati 1,000 ikipasha moto mfululizo kwa saa 1 inakula yuniti 1. Balbu ya wati 9 itahitaji kuwaka saa 111 ili ile yuniti hiyo hiyo 1. Basi yule anayewagombeza watoto kila usiku kwa ajili ya balbu moja ya wati 9, na huku pasi inawaka bila kazi, anafukuza panya na kumwacha fisi zizini.

NYUMBA YA MFANO

Sasa tuchukue nyumba ya mfano, iliyo kama nyumba nyingi za Ikonge. Ni ya mama mmoja mwenye ng'ombe 2 wa maziwa, shamba la chai, na watoto wanaosoma. Hana friji wala jiko la stima. Matumizi yake ya siku 30 ni haya.

Ana balbu 5 za wati 9, zote pamoja wati 45, na zinawaka saa 5 kila usiku. Hizo ni saa 150 kwa mwezi, na 45 × 150 ÷ 1,000 ni yuniti 6.75. Televisheni yake ya wati 50 inafunguliwa saa 4 kwa siku, nayo inakula yuniti 6. Redio na simu 3 kwa pamoja hazizidi yuniti 3.15 kwa mwezi mzima. Pasi anaitumia mara 4 kwa mwezi, saa 1 kila mara, tuseme yuniti 4. Mashine ya majani ya wati 2,200 anaiwasha siku moja na kuiacha siku moja, dakika 15 kila mara; hizo ni mara 15 kwa mwezi, jumla saa 3 na dakika 45, nayo inakula yuniti 8.25.

Ukijumlisha zote utapata yuniti 28 na kipande kidogo. Tutasema 28.

Angalia mashine ya majani. Inapiga kelele mpaka ng'ambo ya pili, na majirani husema, "Mama yule hakika anachoma stima!" Lakini kwa kuwa inafanya kazi dakika 15 tu, haikuzidi sana balbu zinazokaa kimya. Kelele si kipimo cha matumizi.

SHILINGI ZINAHESABIWAJE

Nyumba za kuishi zimegawanywa katika makundi 3. Kwa bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi ililipa Sh. 12/22 kwa kila yuniti. Iliyozidi 30 mpaka 100 ililipa Sh. 16/30. Iliyozidi 100 ililipa Sh. 20/97. Bei hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo tazama risiti yako. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

Yako mambo mawili hapa ambayo watu wengi huyakosea. Kwanza, ukihama kundi, unahama na yuniti zako zote. Si kwamba yuniti 30 za kwanza zitabaki na bei nafuu na zile za juu tu ndizo zitalipiwa ghali. Pili, kundi lako halipimwi kwa mwezi mmoja peke yake, bali kwa wastani wa miezi 3. Tafadhali likumbuke sana jambo hili la pili, maana ndilo tutakalolirudia.

Juu ya bei hiyo kuna nyongeza. Ya kwanza ni gharama ya mafuta. Stima yetu hutoka kwa mvuke wa Olkaria, kwa maji ya mito kama Sondu, ambako kituo cha Sondu Miriu kilianza kazi mwaka 2008, na pia kwa mitambo inayochoma mafuta. Mito ikikauka, mitambo ya mafuta hufanya kazi zaidi, na gharama hiyo hupanda. Pamoja nayo huja marekebisho ya bei ya fedha za kigeni na ya kupanda kwa gharama. Mamlaka ya EPRA hutangaza viwango hivyo katika Gazeti la Serikali, na ndiyo sababu Sh. 500 za mwezi huu hazikupi yuniti sawa kabisa na Sh. 500 za mwezi uliopita.

Kisha kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Ada ya kupeleka stima vijijini, asilimia 5 ya bei ya msingi. Na ada ya EPRA, senti 8 kwa yuniti. Ada ya maji ni senti chache sana, nasi tutaiacha.

Haya, tumpigie mama wa mfano wetu hesabu ya yuniti 28. Kwa gharama ya mafuta na marekebisho mengine tutashika Sh. 4/50 kwa yuniti, iwe mfano tu.

Bei ya msingi: 28 × 12/22 = Sh. 342/16
Mafuta na marekebisho: 28 × 4/50 = Sh. 126/00
Kodi, asilimia 16 ya hizo mbili (Sh. 468/16) = Sh. 74/91
Ada ya vijijini, asilimia 5 ya Sh. 342/16 = Sh. 17/11
Ada ya EPRA: 28 × senti 8 = Sh. 2/24
Jumla = Sh. 562/42

Ukigawanya kwa 28, kila yuniti imemgharimu kama Sh. 20, wala si Sh. 12/22. Ukitaka kujua bei yako ya kweli, usiitafute katika tangazo. Chukua fedha ulizolipa, uzigawanye kwa yuniti ulizopewa katika risiti.

TAA YA VIFARANGA INAPOINGIA

Mama huyu sasa ananunua vifaranga 100 vya siku moja. Usiku wa Ikonge una baridi, na kifaranga asiye na mama hufa kwa baridi. Ananunua taa nyekundu ya joto, wati 250, anaitundika juu ya boma la vifaranga, na kuiacha ikiwaka usiku na mchana kwa wiki 3. Taa haipigi kelele. Inaonekana ni balbu tu kama balbu nyingine.

Tupige hesabu. Wati 250 × saa 24 ÷ 1,000 ni yuniti 6 kwa siku. Kwa siku 21 ni yuniti 126. Taa hii moja imekula katika wiki 3 kuliko nyumba nzima, pamoja na mashine ya majani, inavyokula katika miezi 4. Mwezi huo jumla yake ni 28 na 126, yaani yuniti 154.

Sasa rudi kwenye ule wastani wa miezi 3. Miezi miwili alitumia 28 na 28, na mwezi huu 154. Jumla ni 210, na wastani ni 70. Amekwisha kuingia kundi la pili. Vifaranga wamekua, taa imezimwa, na nyumba imerudi kwenye yuniti zake 28. Lakini ule mwezi wa 154 bado unahesabiwa ndani ya wastani mpaka miezi 3 ipite. Kwa hiyo yuniti 28 zile zile sasa zinapigwa kwa Sh. 16/30:

Bei ya msingi: 28 × 16/30 = Sh. 456/40
Mafuta na marekebisho = Sh. 126/00
Kodi, asilimia 16 ya Sh. 582/40 = Sh. 93/18
Ada ya vijijini, asilimia 5 ya Sh. 456/40 = Sh. 22/82
Ada ya EPRA = Sh. 2/24
Jumla = Sh. 700/64

Amelipa Sh. 138 zaidi kwa mwezi, kwa balbu zile zile na televisheni ile ile. Hapa ndipo mtu anapoilaumu mita. Na kama analeta vifaranga wapya kila baada ya miezi 3, hatarudi kamwe kwenye kundi la kwanza.

Na taa yenyewe? Katika kundi la pili kila yuniti imefika kama Sh. 25. Yuniti 126 zitakuwa karibu Sh. 3,150, yaani zaidi ya Sh. 31 kwa kila kifaranga. Kama hukuziingiza Sh. 31 hizo katika bei ya kuku wako, basi unadhani umepata faida, na huenda hukuipata.

AFANYE NINI?

Watu wengine watasema, "Azime taa mchana." Ni shauri jema. Wiki ya kwanza taa iwake saa zote 24. Wiki ya pili saa 14. Wiki ya tatu usiku tu, saa 12. Jumla itakuwa saa 350, na yuniti 87 na nusu badala ya 126. Ameokoa yuniti 38 na nusu, karibu Sh. 960. Lakini asizime kwa kufuata saa ya ukutani peke yake, awatazame vifaranga. Wakijikusanya chini ya taa na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, wamezidiwa na joto, na hapo stima inapotea bure. Wakitawanyika na kula kwa utulivu, joto limetosha. Boma likiwa dogo, la duara, lenye kuta zisizopitisha upepo na takataka kavu za mbao chini, taa ndogo zaidi inaweza kutosha.

Hata hivyo ni lazima tuseme kweli. Kwa kuzima taa mchana atapunguza gharama, lakini hatabaki katika kundi la kwanza. Kundi hilo linampa yuniti 90 kwa miezi 3. Nyumba yake inatumia 84. Zimebaki 6, na yuniti 6 ni chakula cha taa ile kwa siku moja tu. Kwa hiyo mama huyu hana budi kuchagua moja kati ya mawili. Aweza kulea kwa stima, aifahamu gharama yote, na kuiweka katika bei ya kuku. Au aweza kulea kwa joto lisilo la stima: kuku wenye kuatamia kama vifaranga ni wachache, au kasha lililojazwa nyasi kavu kandokando na kufunikwa kwa mto wa matambara, linalohifadhi joto la vifaranga wenyewe, au jiko la makaa. Atakayetumia jiko la makaa aache nafasi ya hewa kupita juu, kwa sababu moshi wa makaa usioonekana huua vifaranga, na huua watu pia.

VYOMBO VINAVYOKULA ZAIDI

Kwa mfano huu utaona kanuni iliyo rahisi kukumbuka: chombo kinachotengeneza joto ndicho kinachokula. Mwanga, sauti na picha havihitaji stima nyingi. Joto linahitaji.

Bafu ya stima inayopasha maji papo hapo yaweza kuwa ya wati 5,000. Watu 4 wakioga dakika 10 kila mmoja, ni dakika 40 kwa siku, na yuniti 100 kwa mwezi. Kitu hicho kimoja kinatosha kuivusha nyumba mpaka kundi la tatu. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharagwe saa 3 bila kupunguzwa limekula yuniti 4 na nusu kwa sufuria moja. Friji si ya joto, lakini haina usiku wala mchana. Ingawa mota yake hupumzika, friji ndogo huweza kula karibu yuniti 1 kwa siku, na hizo 30 kwa mwezi ndizo zote za kundi la kwanza. Birika la wati 2,000 lina nguvu nyingi, lakini likichemsha dakika 5 na kujizima, limekula sehemu moja tu ya sita ya yuniti. Ndiyo maana tulisema nguvu na muda huhesabiwa pamoja.

JIPIMIE MWENYEWE

Kama maandishi ya chombo yamefutika, mita yako itakuambia. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake pameandikwa idadi, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikimweka mara 1,000 umetumia yuniti 1. Zima kila kitu, kisha washa kile chombo kimoja. Hesabu mimweko kwa dakika 6, halafu zidisha mara 10. Jibu ni wati. Taa ya vifaranga itamweka mara 25, nawe utajua ni wati 250. Kama mita yako imeandikwa 1600, zidisha kwa 6 na robo badala ya 10.

Kisha zima na uchomoe kila kitu, ungoje robo saa. Taa ya mita ikikaa bila kumweka, ni vema. Ikiendelea kumweka, zima swichi kuu. Ikiacha hapo, stima inavuja katika nyaya za nyumba yako. Mwite fundi wa stima mwenye leseni, wala usifungue nyaya mwenyewe. Ikiwa inaendelea hata swichi kuu imezimwa, hitilafu iko kabla ya nyumba, au mtu ameunganisha waya wake kwako. Hapo peleka habari kwa Kampuni, pamoja na namba ya mita.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkulima ana balbu ya zamani ya wati 60 nje ya zizi, inawaka saa 12 kila usiku. Inakula yuniti ngapi kwa siku 30? Akiweka ya wati 9 je?

2. Nyumba ilitumia yuniti 24, kisha 26, kisha 43. Iko kundi gani?

Majibu: La kwanza, ni yuniti 21.6, ya wati 9 itakula 3.24. La pili, jumla ni 93 na wastani ni 31, kwa hiyo imeingia kundi la pili kwa yuniti 1 tu ya wastani. Ingalitumia yuniti 3 pungufu katika miezi hiyo yote, ingalibaki kundi la kwanza.